Sitini ya Mdogo Wangu

Nje ya chumba changu cha kazi, katika hospitali moja ya hapa Tabora, kuna benchi refu. Watu wanaokaa pale hawaulizani majina wala wametoka wapi. Wanaulizana asilimia. "Wewe una ngapi?" "Thelathini na tano. Wewe je?" "Mimi hamsini, alhamdulillahi." Wa hamsini anakunjua miguu na kujiegemeza ukutani. Wa thelathini na tano anatazama sakafu. Nimewaambia mara nyingi kwamba huu si mtihani wa darasa la saba. Huitikia vizuri sana, nami nikishaingia ndani wanaendelea pale walipoachia.

Kazi yangu ni kupima moyo kwa eko. Ni ndugu yake ile ultrasaundi ya wajawazito, isipokuwa hapa anayetazamwa ni moyo ukiwa kazini. Asilimia wanayoulizana ni hii: chumba kikuu cha moyo, kile cha kushoto chini, hujaa damu kisha hujikamua. Tunapima kilivyojaa, tunapima kilivyobaki baada ya kujikamua, na tofauti hiyo ndiyo inayotupa sehemu iliyotoka. Damu haitoki yote hata kwa mtu mwenye afya ya ng'ombe. Anayetoa kuanzia hamsini na tano hivi hadi sabini yuko katika kawaida. Wa mia hayupo, na siku akitokea nitamwita fundi wa mashine.

Mtaani kwetu Gongoni namba hizi ziliingia kwa sababu ya jirani yetu, mama aliyekuwa akipika vitumbua. Alipimwa akaambiwa ishirini. Alikufa kabla ya mvua, na tangu hapo ishirini ikawa namba ya kufa na nyingine zote zikapangwa juu yake kama ngazi. Baba yangu alizijua kuliko mtu yeyote, maana ana bucha Isevya, na kwenye bucha watu hawanunui nyama wakanyamaza.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akifanya kazi pale pale kwa Baba. Kijana mwenye mabega, anayebeba paja la ng'ombe huku anamtania mteja. Kisha akawa anaweka paja chini katikati ya njia, anashika kiuno, anasema jua kali. Akawa anasema jua kali hata asubuhi. Nilimwambia aje nimpime. Akacheka, akasema atakuja siku nikiacha kumtazama kama mgonjwa. Mwishowe Baba ndiye aliyemleta, wakakaa kwenye benchi lile pamoja na wengine.

Nilimlaza ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, nikampaka jeli kifuani. Nakumbuka alilalamika kwamba ni ya baridi, nami nikamjibu jibu lile lile ninalomjibu kila mtu. Niliweka kichwa cha mashine chini ya titi la kushoto, pale ncha ya moyo inapogonga, na moyo wake ukatokea kwenye skrini. Nikausimamisha kwenye picha moja.

Picha ya vyumba vinne humchanganya kila anayeiona mara ya kwanza. Kwa kuwa mashine iko upande wa ncha, ncha hukaa juu ya skrini, na vyumba vya juu vya moyo huonekana chini. Tena ni kama mtu amekukabili: kushoto kwake ni kulia kwako. Hata hivyo siridhiki kwa kuangalia upande tu, maana kichwa cha mashine kinaweza kushikwa kinyume na picha ikageuka. Natafuta zile valvu mbili, milango ya damu kati ya chumba cha juu na cha chini, zilipojishika kwenye ukuta wa kati. Ya kulia hujishika karibu kidogo zaidi na ncha kuliko ya kushoto. Kisha natazama chumba cha kulia chini, chenye umbo la pembetatu na ule mshipi wa nyama unaokatiza karibu na ncha. Kile kirefu chenye ukuta mnene, kinachofika hadi nchani, ndicho cha kushoto. Nilivihesabu vyote kama ninavyofanya kila siku. Kulia chini, kulia juu, kushoto chini, na cha mwisho kushoto juu.

Cha mwisho kilikuwa kikubwa mno. Kilijaza pembe yote ya chini ya skrini, na ukuta unaokitenga na mwenzake ulikuwa umebinuka kuelekea upande wa pili. Nilipowasha rangi, ambayo hutuonyesha damu inakokwenda, kila pigo lilirusha mkondo mpana kinyumenyume, kutoka chumba cha chini kurudi cha juu, hadi ukutani nyuma kabisa. Valvu ya kushoto ilikuwa haifungi. Nilijua pia ilikotoka. Utotoni alikuwa akiugua koo mara kwa mara, kisha mwaka mmoja viungo vikamvimba, leo goti, kesho kiwiko. Nyumbani tulisema ni baridi, akapakwa mafuta. Koo la namna hiyo lisipotibiwa huishia kula valvu za moyo.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Mikono iliendelea kupima, nami nikaiacha ipime, mfano wa mtu anayemwachia mwenzake zamu. Nilipima asilimia kama kawaida, nikarudia, ikaja sitini. Nikampa karatasi ya kujifuta jeli, nikamwambia avae shati.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Ngapi?"

"Sitini, Baba, lakini..."

"Alhamdulillahi rabbil alamin!" Akanikumbatia, jambo ambalo hafanyi. Akageuka kwa watu wa benchi. "Sitini!" Na benchi lote likampongeza. Mzee mmoja wa thelathini alimshika mdogo wangu mkono kwa nguvu, akitaka naye apate kidogo. Ile "lakini" yangu ilibaki pale mlangoni, haina pa kukaa.

Kwa idhini ya daktari wetu nilituma picha kwa daktari bingwa wa moyo aliyeko Dar es Salaam, yule anayetusaidia kwa simu na ambaye huja mara moja moja na kambi ya uchunguzi. Alitazama, akapiga.

"Huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu, daktari."

"Sitini hiyo isikufurahishe. Moyo unaovuja hivi una njia rahisi ya kurudisha damu nyuma, kwa hiyo unatakiwa kutoa zaidi ya kawaida. Ukiona umeshuka hadi sitini, jua misuli imeanza kuchoka. Afanyiwe operesheni sasa, kabla haujashuka zaidi. Nina nafasi. Mlete."

Niliwaambia jioni ile, wote wakiwa kwenye mkeka. Mama aliacha kuchambua mchele. Baba alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, kama anavyomsikiliza mteja anayeomba apunguziwe bei.

"Mwanangu, yule mama wa vitumbua alikuwa na ngapi?"

"Ishirini."

"Walimpasua?"

"Hapana, Baba, ule ulikuwa ugonjwa mwingine."

"Mwenye ishirini hakupasuliwa. Mwenye sitini apasuliwe kifua. Hayo ndiyo mliyosomea?"

Mdogo wangu alinitazama tu, nikaona anataka Baba awe amesema kweli. Mimi pia nilitaka. Nilienda kulala, na nililala vizuri, jambo linalonishangaza hadi leo.

Baba akatangaza dua ya shukurani. Alimwalika shehe wa msikiti wetu, wazee wa Gongoni, wafanyabiashara wenzake wa Isevya, na ndugu wa upande wa Mama kutoka Ipuli. Ile nafasi ya Dar ilikuwa inasubiri jibu, nami kila asubuhi nilimwambia daktari bingwa bado tunazungumza. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akizungumza. Tulikuwa tunapeta mchele.

Siku ya dua Baba alichinja mbuzi mwenyewe uani. Mdogo wangu ndiye aliyechuna na kupasua, maana hakuna mtu katika ukoo wetu anayemwachia mwingine kazi hiyo. Nilimtazama kutoka jikoni. Alikuwa akikata mara mbili tatu, anasimama, anaegemea nguzo, midomo imepauka. Wageni walidhani anasikiliza kasida. Wanawake walipobeba masinia ya nyama akabaki peke yake na kichwa na vitu vya ndani. Akaniita.

"Dada, njoo na simu yako. Ile picha bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi bila kuhisi lolote, mfano wa mtu anayetazama saa wakati hana miadi.

Alikuwa ameuweka moyo wa mbuzi juu ya ubao. Aliupasua kwa kisu chake chembamba, kutoka juu hadi nchani, akaufunua. Kuna watu wanaosoma vitabu miaka mingi ndipo waone kitu hicho. Yeye amekiona tangu hajaota meno ya pili.

"Upande mnene, upande mwembamba," alisema. "Mnene ndio kushoto. Ndio unaopeleka damu mwili mzima. Haya, nionyeshe wangu."

Nikampa simu. Akaigeuza huku na huku, akakunja uso, akaweka kidole kwenye pembe ya chini ya kushoto. "Hiki ndicho kushoto juu?"

"Hapana. Hicho ni kulia juu. Picha imekukabili. Na ncha iko juu."

Akaushika moyo wa mbuzi, akaugeuza ncha ikatazama mbinguni, akausogeza karibu na simu. Midomo yake ilikuwa ikitembea polepole. Alianza na ukuta mnene, kama nilivyojua atafanya, akaupata upande wa kulia wa picha. Akateremka nao hadi kwenye valvu, ambayo kwenye picha ni vijiti viwili vyeupe na kwenye ubao ilikuwa utando ulioshikwa na nyuzi nyeupe. Akapita valvu, akafika chini. Kidole chake kikasimama.

"Mbona hiki kikubwa hivi?"

Akaingiza kidole kwenye chumba kile kile cha mbuzi, kushoto juu, akakinyanyua. Kilikuwa mfuko mdogo, laini. Kisha akatazama tena simu. Kwenye picha yake chumba hicho kilikuwa karibu sawa na kile kikuu.

"Na huu ukuta umepinda."

"Umesukumwa."

"Na nini?"

"Na damu inayorudi."

Akatikisa kichwa. "Lakini sitini, dada. Ulisema mwenyewe sitini."

Hapo ndipo nilipomweleza vizuri, nikiwa nimechuchumaa uani, mikono inanuka vitunguu, na ndani shehe amekwisha kuanza. Nilimwambia mashine inapima kilichotoka chumbani. Haiulizi kimekwenda wapi. Kwako, katika kila sehemu kumi za damu sita zinatoka, na hiyo ndiyo sitini. Lakini katika hizo sita, karibu nusu hazifiki mwilini. Zinapita kwenye valvu mbovu, zinarudi humu nyuma, zinakuja tena, zinasukumwa tena. Moyo unafanya kazi ya watu wawili na mwili unalipwa ya mmoja.

"Mpaka lini?"

"Mpaka huu upande mnene uchoke. Umeshaanza."

Ndani watu waliitikia amina, sauti nyingi kwa pamoja, na ilikuwa amina ya kushukuru kwa sababu yeye ni mzima. Alifuta kisu, akafuta ubao. Ule moyo hakuupeleka jikoni.

"Kumbe wanakula sinia la bure," alisema, akacheka, kicheko kikamkata pumzi hata akalazimika kukaa chini. Nilimshika mgongo. Chini ya kiganja changu moyo ulikuwa ukigonga upesi upesi. Nilijua kila kitu kuhusu kugonga kule, na bado sikuhisi chochote isipokuwa jasho lake.

Hakusubiri wageni waondoke. Aliingia barazani watu wakiwa bado wamezunguka masinia, akachuchumaa karibu na Baba, akamnong'oneza kwamba atakwenda Dar. Nilikuwa mlangoni na birika la kunawisha. Baba hakuinua uso.

"Watu hawajanawa mikono, unaniletea habari za kupasuliwa?"

"Nimeuona, Baba. Nimeulinganisha na wa mbuzi."

"Na hawa niliowaita kushukuru, nitawaambia nini?"

"Waambie waombe tena."

Baba aliendelea kutazama sinia. Ana kiburi, na mimi nimerithi, kwa hiyo namjua. Haikuwa kwamba haamini. Alikuwa ameshapokea mkono wa kila mzee wa Gongoni kwa ile sitini, na sasa hakujua airudishe vipi. Mwisho akasukuma pilau kidogo kuelekea upande wa mdogo wangu, akamwambia ale kwanza. Kwetu hiyo ndiyo ruhusa.

Alisafiri na Mama. Mimi nilibaki na benchi langu. Siku ya operesheni nilipima watu kama kawaida, nikasimamisha picha, nikahesabu vyumba vinne, kulia chini, kulia juu, kushoto chini, kushoto juu. Mchana simu ilipolia na kuniambia ametoka salama, nilisema asante, nikamwita anayefuata. Mwenzangu wa zamu aliniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa, na nilikuwa nasema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Alirudi Tabora amekonda, kovu limeshuka katikati ya kifua. Valvu ilikuwa imekwisha haribika kiasi cha kutotengenezeka, wakamwekea ya chuma. Ukikaa naye chumba kimoja pakiwa kimya unaisikia ikigonga. Sasa anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na mtu anayekunywa dawa hiyo haruhusiwi kuchezea visu. Baba amemhamishia kwenye mizani. Anapima nyama ambazo wengine wamekata, na anasema wanakata vibaya.

Ulipofika wakati wa kupimwa tena, walikuja watatu. Daktari bingwa alikuwa amenionya kwa simu: namba itashuka, usitishike wala usiwatishe. Ile njia rahisi ya kurudi nyuma imezibwa, sasa kila tone lazima liende mbele, na hapo ndipo moyo unapoonyesha nguvu yake halisi. Inaweza kupanda baadaye kwa dawa. Inaweza isipande. Nilimweleza Baba haya yote pale kwenye benchi, kabla ya kupima. Aliniitikia vizuri sana.

Nilimlaza ubavu, nikapima. Nilivitafuta vyumba vyote vinne. Chumba cha kushoto juu kilikuwa bado kikubwa, lakini ule ukuta ulikuwa umeanza kunyooka. Nikawasha rangi. Damu ilikwenda mbele, ikaisha. Nilisubiri mapigo mengi, nikitafuta ule mkondo wa kurudi. Haukuwapo. Nikapima asilimia, nikarudia. Arobaini na nne.

Nikamwambia alale chali, akunje magoti, nimtazame kutokea chini ya mbavu, ndipo nimalize. Nilitazama, nikarekodi, nikapunguza mwanga wa skrini. Nilipomwambia avae shati hakujibu. Alikuwa amelala usingizi.

Kuna jambo ambalo watu wa benchi hawakulijua. Miezi ile ya mwisho kabla ya Dar, mdogo wangu hakuweza kulala chini. Akilala, pumzi inamkata. Mama alikuwa akikaa nyuma yake kitandani, mgongo ukutani, naye akimwegemea kifuani, mtu mzima mwenye ndevu, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakilala wote wawili. Hawakumwambia mtu. Mimi niliwakuta siku moja alfajiri nilipokwenda kuwasha jiko, nikafunga mlango taratibu.

Sasa alikuwa amelala chali kabisa juu ya kitanda changu cha vipimo, bila mto, jeli inamkauka kifuani, mdomo wazi, anakoroma. Ule mlio wa valvu ulisikika katikati ya mikoromo. Nilisimama na karatasi ya kumfuta mkononi nikaona imelowa, na jeli nilikuwa bado sijaigusa. Nililia bila sauti kwa muda mrefu, nikishika ukingo wa kitanda ili nisimwamshe.

Nilipofungua mlango Baba alisimama, na benchi lote likageuza shingo. Mama hakusimama. Alinitazama usoni, akaona macho yangu mekundu, akashika ukingo wa kanga.

"Imeshuka," alisema.

"Amelala, Mama," nikamwambia. "Amelala chali, peke yake."

Alinisukuma kando akaingia kumtazama.